Wamekutana mezani kwangu, sasa wanafanya kazi bila kuniambia

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mhasibu wa pekee katika kampuni ndogo. Nikikwama sina wa kumuuliza, maana hata mkurugenzi ananiuliza mimi. Mwaka huu niliamua kuwakusanya wahasibu walio katika hali kama yangu, tule chakula cha mchana pamoja mara moja kwa mwezi. Sifichi: nilitaka pia niwe yule mtu ambaye wengine wakikwama wanaambiwa, "Muulize fulani, atakuunganisha."

Mara ya kwanza nilitangaza kwenye grupu la watu 60 na kuweka kura ya tarehe. Wakaja 14. Nililipa mimi, na nilimwalika mtu atoe mada. Mara ya pili walikuja 9, mara ya tatu 4, na wawili kati yao walichelewa dakika 40. Mara ya nne watu 11 walipiga kura ya tarehe, na siku ilipofika nilikaa peke yangu.

Kilichoniuma zaidi nimekisikia juzi. Wawili waliokutana mezani kwangu ile mara ya kwanza wana miezi 2 wakifanya kazi pamoja. Mmoja anamsaidia mwenzake kuweka vitabu sawa kabla ya wakaguzi kuja, na analipwa. Hakuna aliyeniambia. Nimejiona daraja: watu wanapita juu yangu na kwenda zao. Niache? Au niendelee kwa kiingilio? Nimeshachapisha kadi 200 zenye jina langu.

Mhasibu wa Pekee

*

Marahaba, mwanangu.

Usiache, na kiingilio usitoze. Ila kabla ya habari za chakula tuzungumze kuhusu hao wawili, kwa sababu ndio waliokufanya ushike kalamu.

Kuna dalali na kuna mshenga. Dalali anakula kwa kuwa muuzaji na mnunuzi hawajuani. Siku wakipeana namba za simu riziki yake imekatika, kwa hiyo anakaa katikati na kuhakikisha hawaonani. Mshenga kazi yake inaisha wawili wanapokubaliana. Anaondoka, na nyumba nyingine inamtafuta kwa sababu imesikia ya kwanza ilivyokwenda. Wewe umefanya ushenga, na sasa unadai ujira wa udalali. Milo yako mitatu imezaa kitu kimoja tu cha maana, nacho ni hicho unachokilalamikia.

Kosa lipo, lakini si lao. Mtu mmoja alikuwa anahangaika na ukaguzi unaokuja. Mwingine alikuwa na ujuzi na muda wa ziada. Wote wawili walikaa mezani kwako, na wewe hukujua la huyu wala la yule, kwa sababu siku ile ulikuwa unahesabu viti na kumwandalia nafasi mtoa mada. Baada ya hapo hukumpigia mtu simu. Sidhani kama walikuficha. Hukuwauliza.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Alipowauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi, ni karibu 1 tu kati ya 6 aliyesema mara kwa mara. Wengine wote walipata habari kwa mtu wanayeonana naye kwa nadra au mara mojamoja. Sababu aliyoitoa ni rahisi: rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua, kwa kuwa mnazunguka palepale. Anayekuletea jipya ni yule anayeishi kwenye mzunguko mwingine. Meza yako inafaa kwa sababu hiyo, kwani inakutanisha watu ambao vinginevyo wasingeonana. Lakini watu wa namna hiyo hawana mazoea ya kukupigia na kukusimulia. Usipowafuata, habari zao zitakufikia kama umbea, miezi miwili baadaye.

Kwa hiyo leo au kesho mpigie mmoja wao. Usilalamike, hata kwa utani. Muulize ukaguzi umekwendaje, na kitu gani kilimsumbua zaidi kwenye vitabu. Sikiliza. Nitakuambia baadaye la kufanya na utakachokisikia.

Sasa hesabu yako ya 14, 9, 4 na sifuri. Watu wengi wakiona idadi inashuka hivyo hutafuta namna ya kuwapata wengi zaidi. Mimi nasema ugonjwa ulianza siku walipokuja 14. Mwanasaikolojia Mwingereza Robin Dunbar na wenzake walipochunguza watu wakizungumza kwa hiari yao, waliona duara la mazungumzo mara chache huzidi watu 4. Akiongezeka wa tano, muda si mrefu linapasuka. Meza ya 14 kwa hiyo ni meza tatu au nne zilizounganishwa kwa kitambaa. Mtu anazungumza na jirani wa kulia na wa kushoto, na wasipomfaa hana pa kwenda hadi sahani ziondolewe. Mwezi ujao anakumbuka hilo, na siku hiyo anapata udhuru.

Weka watu 6, wewe ukiwamo. Sita wanaweza kufuata mazungumzo mamoja ikiwa yuko wa kuyaongoza, na yakigawanyika wanabaki watatu watatu, si mmoja akitazama simu. Wanane ndio mwisho. Meza iwe ya duara au mraba. Kama ni ndefu, kaa katikati ya upande mrefu, usikae kichwani kama mwenyekiti, maana ukiwa kichwani watu wawili wa upande wa pili watakupotea.

Ile kura ya tarehe iache kabisa. Kila mwezi ulikuwa unawauliza watu upya kama jambo hili lipo au halipo, na kupiga kura kunampa mtu hisia kwamba ameshashiriki. Wale 11 walibonyeza kitufe, hawakuahidi kuja. Tarehe inapaswa kujulikana bila wewe. Katika karne ya 18, kule Birmingham, Uingereza, kulikuwa na kikundi kidogo cha wavumbuzi na wenye viwanda, James Watt akiwa mmoja wao, waliokula pamoja karibu na siku ya mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani usiku. Walijiita watu wa Mwezi. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa, alitazama juu.

Wahasibu nao wana mwezi wao. Mwisho wa mwezi na wiki ya kwanza mnafunga vitabu, na hapo hata chai mnainywa mezani kwa kazi. Alhamisi ya tatu daima huangukia kati ya tarehe 15 na 21, mnapokuwa mmeshapumua. Ikigongana na siku ya kuwasilisha ritani za kodi kwenu, chukua Alhamisi ya pili, lakini ukishachagua usihame. Saa sita na nusu mchana hadi saa nane kasorobo, mahali palepale. Funga kwa wakati hata mazungumzo yakiwa yamenoga. Anayejua atatoka saa ngapi ndiye anayethubutu kuja. Na wa kuchelewa dakika 40 asisubiriwe. Kuleni.

Kualika ni mtu mmoja mmoja, si kwenye grupu. Ukimwalika kila mtu, kila mtu anadhani mwingine atakwenda. Andika majina 15, yanatosha kwa miezi 4 ya kuanzia. Siku 10 kabla, waandikie 7. Nilipokuwa naendesha meza ya namna hii, kwa wasimamizi wa maghala, nikialika 7 walikubali 6 na wakaja 5, mara nyingi kiasi kwamba niliacha kushangaa. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Habari za leo. Alhamisi ya wiki ijayo tunakula mchana wahasibu 6, kila mmoja ni wa pekee katika kampuni yake. Saa sita na nusu hadi saa nane kasorobo. Kila mtu analipa chake, na hakuna hotuba. Nimekukumbuka kwa sababu ulinitajia kwamba mwaka jana ulihamisha vitabu kwenye programu mpya, na atakuwepo mmoja anayeanza kazi hiyo. Nikuwekee kiti?"

Tazama sentensi inayoanza na "nimekukumbuka". Hiyo ndiyo inayomleta mtu, na haiwezekani kuibandika kwenye grupu. Kama kuna mtu huwezi kumwandikia sentensi hiyo, bado humfahamu vya kutosha kumwalika, basi mpigie kwanza simu ya dakika 10 umuulize kazi yake ikoje. Siku moja kabla, asubuhi, mtumie kila mmoja mstari mmoja: "Kesho saa sita na nusu, kiti chako kipo." Neno kiti lina kazi yake. Mtu anaona haya kuacha kiti wazi kuliko kukosa mkutano.

Kila mtu alipe chake, na lijulikane tangu kwenye mwaliko. Najua ulilipa kwa ukarimu. Lakini anayelipiwa ni mgeni, na mgeni hana deni la kurudi, wala hathubutu kuleta mwenzake. Halafu uchungu ulionao kwa wale wawili, ujiulize kama sehemu yake haikutoka kwenye bili.

Mtoa mada mwachie semina. Badala yake kila mwezi mmoja wenu alete tatizo moja lililo mezani kwake kazini, na umjue kabla ya siku. Kwanza duru fupi, kila mtu dakika mbili: nafanya wapi, nimekwama wapi, na jambo gani nimeshalipitia. Kisha mwenye tatizo anapewa dakika 20, na 5 za kwanza ni za maswali tu. Ushauri hauruhusiwi. Simamia hilo kwa ukali, kwa sababu wahasibu sita mkiachiwa mtatoa majibu sita kabla mwenzenu hajamaliza kueleza.

Nikupe mfano wa maghala. Mezani kwangu alikuja msimamizi ambaye kila mwisho wa mwaka alifunga ghala siku 3 ili kuhesabu mali, na kila mwaka rafu na kompyuta hazikukubaliana. Alitaka kujua akodi watu wangapi zaidi wa kuhesabu. Kwenye zile dakika za maswali mmoja akamuuliza, "Tofauti ziko kwenye bidhaa zipi?" Hakujua. Alikuwa na jumla tu. Mwingine akaeleza kwamba yeye aliacha kufunga ghala. Anahesabu bidhaa chache kila siku, zinazotoka sana mara moja kwa mwezi, zinazolala mara mbili kwa mwaka. Akikuta tofauti kwenye zinazotoka sana, haizidi mwezi mmoja, na aliyepokea mzigo bado anakumbuka.

Jioni ile sikumwandikia mwenye shida. Nilianza na yule mwenye ujuzi: "Mwenzetu angependa aje aone unavyopanga ratiba ya kuhesabu, saa moja tu. Utaweza?" Unaanza na anayeombwa muda, kwa sababu akikataa, mwenye shida hajui kama aliombewa, na hakuna aliyeaibika. Aliposema ndiyo, nikamuuliza na wa pili. Ndipo nikawaandikia wote wawili ujumbe mmoja wa mistari minne: huyu ni nani, yule ni nani, jambo ni lipi, na nani ampigie nani lini. Nikajitoa. Baada ya wiki 3 nikauliza, "Ilikwendaje?" Kumbe mapokezi walikuwa wakiandika katoni na mauzo wakitoa vipande. Hakuna mtu wa ziada aliyehitajika. Tangu hapo msimamizi yule alinipigia kila alipokutana na mwenye shida ya ghala. Habari zilianza kunifuata mimi.

Ulichokosa ni lile swali la wiki ya tatu. Fanya miunganisho isiyozidi miwili baada ya kila mlo, kwa sababu zaidi ya hapo huwezi kuifuatilia, na muunganisho usiofuatiliwa huwezi hata kujua kama umekufa. Usiombe asilimia wala kutajwa.

Na yule utakayempigia kesho kuhusu ukaguzi, akikuambia kwa mfano kwamba rejesta ya mali za kudumu ndiyo iliyomtesa, umeshampata wa kuleta tatizo, au wa kujibu, Alhamisi ya tatu. Mwalike kwa sentensi hiyo.

Mambo machache yatakusumbua. Atakuja mtu mwenye kitu cha kuuza, mara nyingi programu au bima. Mwache ale, usimwalike tena. Atakuwepo msemaji. Huyo mkalishe pembeni yako, si mkabala nawe, kwa sababu anayekutazama usoni anadhani unamwambia endelea. Usimkalishe mkuu na mtu wake wa chini meza moja, wala wawili wanaogombea mteja mmoja. Zito zaidi kwa fani yenu ni siri. Mhasibu anashika mishahara na madeni ya watu. Mwanzoni mwa kila mlo sema kwa sauti kwamba shida zinaletwa bila jina la kampuni na bila tarakimu halisi. Hata kwa ahadi ya kutosimulia, usiruhusu tarakimu halisi. Mmoja akivujisha mara moja, waajiri watawakataza wote.

Grupu jipya usilifungue kabla ya mlo wa nne. Ukifungua mapema, swali litakaloulizwa mezani litaulizwa kwenye simu, litajibiwa nusunusu, na Alhamisi hakutakuwa na sababu ya kutoka ofisini.

Jipe milo 6 kabla ya kuamua kama jambo hili linakwenda. Usihesabu vichwa, maana viti ni 6 tu. Hesabu wangapi wamerudi bila kubembelezwa, na sikiliza kama kuna anayeuliza, "Naweza kuja na mwenzangu?" Wakirudi wawili watatu na swali hilo likasikika kufikia mlo wa nne, meza imeshika. Kama mlo wa sita bado unawavuta kwa mkono, basi huenda hao uliowaalika hawana upweke ulionao wewe. Labda wana wenzao ofisini. Rudi kwenye orodha utafute walio peke yao kweli.

Wakizidi viti, usiongeze meza. Benjamin Franklin alianzisha kikundi chake cha mazungumzo Philadelphia mwaka 1727, wakaweka ukomo wa watu 12. Wengine walipotaka kuingiza marafiki, alipendekeza kila mwanachama aanzishe kikundi chake kidogo pembeni. Wako atakayetaka kuleta wenzake wengi mwambie vivyo hivyo, mpe Alhamisi ya pili. Najua utasikia wivu. Mimi niliusikia siku nilipogundua wasimamizi watatu wa meza yangu wanakutana Jumamosi bila mimi. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikawapigia kuwauliza wamejifunza nini.

Kuhusu kadi 200: usizigawe. Kama mgongo wake ni mweupe, andika hapo, kadi moja kwa mtu mmoja. Juu jina lake, chini yake alikwama wapi, alishapitia nini, umemuunganisha na nani, na tarehe ya kumuuliza ilikwendaje. Ziandike mara tu baada ya mlo, kabla hujarudi kazini, kwa sababu ikifika jioni utakumbuka nani alichekesha na utasahau nani alikwama. Zifunge kwa mpira. Kadi mbili za kwanza unawajua ni za nani.